Naomba ushauri: nimechelewa usaili, niandike saa ngapi?

Habari wakuu. Nina usaili saa 4:00 asubuhi. Sasa ni saa 3:25, basi limeharibika njiani. Nimepata gari jingine na ramani ya simu inasema nitafika saa 4:20, ila bado kuna kukaguliwa getini na kusaini kitabu cha wageni. Kwa hiyo saa ya kweli ni 4:30.

Nimeandika hivi, sijatuma:

"Habari za asubuhi. Mimi ni (jina kamili), msailiwa wa saa 4:00, nafasi ya mhasibu msaidizi. Basi limeharibika, nitafika mapokezi saa 4:30. Samahani sana. Ikiwa muda huo hautafaa, naomba kupangiwa mwingine."

Rafiki yangu anasisitiza niandike "dakika 10 tu" wasinikatie tamaa. Mimi naona saa 4:10 ikipita sipo, nitaomba radhi mara ya pili, na hapo ndipo watakapoacha kuniamini. Wakijua mapema, wanaweza hata kumtanguliza anayenifuata.

Je, nipige simu mapokezi kwanza? Naogopa baruapepe isisomwe wakiwa tayari chumba cha usaili.