Barua ya kukubali kazi: niandike mshahara upi?

Kutoka: Rehema, Birmingham

Habari zenu ndugu. Nimepata ofa ya kazi ya ofisini kwenye shirika moja la misaada hapa mjini. Kwa simu tulikubaliana saa 30 kwa wiki, siku mbili nifanyie nyumbani, nianze Jumatatu 2 Machi 2026. Barua pepe ya ofa inasema "pauni 28,000 FTE", na kwamba inategemea cheti cha DBS cha kuonyesha kama nina rekodi ya uhalifu, marejeo mawili na uthibitisho wa haki ya kufanya kazi. Siku za nyumbani hazikutajwa. Wanataka niwajibu kwa maandishi. Nitosheke na "nashukuru, nimekubali"? Kazini kwangu sasa natakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja.

Kutoka: Mwanaisha

Hongera mdogo wangu! Mwanangu naye alikubaliwa Septemba. Hakikisha chuo kinakutumia namba ya CAS mapema, maana bila hiyo viza ya masomo haiombeki.

Kutoka: Mzee Salim, Leicester

Binti, mkishakubaliana kwa simu mkataba upo. Sheria ya hapa haidai karatasi. Peleka notisi leo, usichelewe kuanza, wasije wakampa mwingine.

Kutoka: Bakari

Shikamoo Mzee. Ni kweli maneno ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, lakini ofa ya Rehema ina masharti. Rejeo moja likija baya wanaweza kuiondoa, naye huko alikotoka ameshaaga. Dada, usipeleke notisi mpaka wakuandikie kwamba masharti yote yametimia. Nimefanya kazi idara ya utumishi miaka mingi, na waliobaki bila kazi hata moja niliwaona.

Kuhusu mshahara, hizo herufi FTE maana yake 28,000 ni ya mtu wa saa zote. Kama kwao saa zote ni 37 na nusu, gawa 28,000 kwa 37.5, zidisha kwa 30, unapata 22,400 kwa mwaka. Kwa mwezi ni kama 1,866 kabla ya kodi. Kama kodi ya nyumba uliipigia hesabu kwa 28,000, ipige upya.

Kwa hiyo "nimekubali" pekee haitoshi. Mimi ningeandika hivi, nawe uigeuze Kiingereza:

*Nathibitisha kuikubali nafasi mliyonipa katika barua yenu. Nimeelewa kwamba nitafanya saa 30 kwa wiki kwa mshahara wa pauni 22,400 kwa mwaka kabla ya makato, ambao ni uwiano wa pauni 28,000 kwa saa 37.5. Nimeelewa pia kwamba ofa inategemea cheti cha DBS, marejeo mawili na uthibitisho wa haki ya kufanya kazi. Nitaanza Jumatatu 2 Machi 2026, mradi nipate taarifa yenu ya maandishi kufikia 30 Januari kwamba masharti yametimia. Taarifa ikichelewa, naomba tarehe ya kuanza isogee kwa siku hizo hizo, kwa kuwa nadaiwa notisi ya mwezi mmoja.*

Kama uko kwa viza, ule msimbo wa tarakimu na herufi tisa wa GOV.UK wa kuthibitisha haki ya kufanya kazi hudumu siku 90. Utoe wakiuomba, usiutoe mapema ukaja kukuishia.

Kutoka: Mzee Salim

Marahaba. Lakini hapo kwenye tarehe umeongeza sharti ambalo wao hawakuliweka. Hiyo si kukubali tena, ni kuwarudishia ofa mpya, na wanaweza kuikataa.

Kutoka: Bakari

Hapo umenipata, Mzee. Basi aulize kwanza kwa barua pepe fupi, mambo matatu: saa zao zote ni ngapi, tarehe inaweza kusogea, na zile siku mbili za nyumbani. Wakijibu ndiyo, barua ya kukubali inarudia kilichokwisha kukubaliwa, hakuna jipya ndani yake.

Kutoka: Zawadi

Mimi siku za nyumbani nisingeziuliza kabisa. Mtu hajaingia ofisini ameshaanza kudai kukaa nyumbani?

Kutoka: Bakari

Zawadi, waliahidi wenyewe. Meneja aliyeahidi akihama, atakayemfuata atasoma karatasi tu.

Kutoka: Rehema

Wamejibu. Saa zote kwao ni 37.5 kweli, kwa hiyo ni 22,400. Nimekaa nikaitazama ile namba, maana kichwani nilikuwa na 28,000. Tarehe wamekubali isogee. Siku za nyumbani wanasema "meneja atazungumza nawe ukishaanza". Bado sijatuma barua. Zawadi ananiambia niache, Bakari sijui utasemaje.

Kutoka: Bakari

Jibu hilo si ndiyo wala hapana. Kama bila siku hizo kazi haikufai, wapigie simu kesho kabla hujatuma chochote. Kama inakufaa hata bila siku hizo, tuma barua na uziache nje.

Kutoka: Mwanaisha

Kumbe ni kazi! Nilisoma harakaharaka.