Naota nimejifungua na mimba sina, naombeni ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 44, niko Ngamiani hapa Tanga, nauza vitumbua. Wanangu wote wakubwa na sikutarajia mwingine.

Mwezi huu nimeota mara tatu nina mimba. Juzi nikajifungua kabisa, mtoto wa kike, nikamshika kichwa kikiwa bado kibichi, nikawa natafuta kanga ya kumfunika siioni. Nilipoamka mikono ilikuwa imekaa vile vile ya kupakata. Nililia, sijui kwa nini.

Nilipima mkojo wa asubuhi, mstari mmoja. Nikarudia baada ya wiki, mmoja tena. Kwa hiyo mimba hakuna.

Shangazi anasema mimba ya ndotoni ni mzigo uliojibebesha, na kujifungua ni kuutua. Hapo ndipo aliponigusa, maana ndoto zilianza wiki niliyolipia fremu kodi ya miezi 6, nianze mgahawa, na sijamwambia mume wangu. Jirani naye kasema ni jini. Hilo silikubali, kwani ndoto zenyewe hazinitishi.

Najua pia kwamba ndoto za karibu na alfajiri huwa ndefu, na mimi alamu hunikatiza saa kumi nikasage mchele, ndiyo maana nazikumbuka zote.

Waliowahi kuota hivi wakiwa wanaanza jambo jipya, ziliisha lini? Na mume wangu nimwambie kwanza habari ya fremu, au nianze na ndoto?