Naomba ushauri: betri zilizovimba nizipeleke wapi?

Wakuu, mimi ni fundi simu Kariakoo. Siku hizi nanunua simu mbovu na kuzifufua. Juzi nilichukua moja kwa 20,000, kioo na tundu la chaji vikala 38,000, ikatoka kwa 85,000. Kabla ya kulipa nabonyeza *#06#, naandika IMEI pamoja na kitambulisho cha muuzaji, nisije nikabeba ya wizi.

Kinachonitesa ni masalia. Nina ndoo ya betri zilizovimba, ncha nimeziba kwa selotepu na juu nimemwaga mchanga mkavu, maana moja niliitoboa kwa bisibisi ikajaza duka moshi. Watu wa skrapa wanataka bodi tu, betri hawazigusi. Nani anazipokea? Na waliowahi kuomba kibali NEMC kama wakusanyaji wadogo, mlianzia wapi?