Tupeane uzoefu: maswali ya kuhesabu kromosomu, wewe ulikwama hatua ipi?

BintiMakorora
Habari za jioni wapendwa. Niko Tanga mjini, najiandaa kurudia biolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimepitia pepa nyingi za nyuma na kila nikifika kwenye mitosisi na meiosisi naona nakosa alama zilezile. Swali lililonitoa machozi ni hili: seli ya mnyama ina 2n = 4. Chora anafezi ya mitosisi na anafezi ya kwanza ya meiosisi, na chini ya kila mchoro andika idadi ya kromosomu.

Nilichora nusu saa nzima, penseli imechongwa vizuri. Chini nikaandika 4 na 4. La kwanza likapigwa mkasi, la pili likapewa vema, na msahihishaji hakuandika neno. Mpaka leo linanikera, maana kwangu mimi seli ni ileile. Naomba kila aliyewahi kukwama aseme alikwama wapi na alitokaje.

Msafiri_Pangani
Pole dada. Mimi nilivyoelewa, kila uzi mmoja ni kromosomu. Kwa hiyo hapo jibu ni 8 kila mahali, kuanzia profezi, kwa sababu DNA imeshajinakili kabla ya seli kuanza kugawanyika.

FundiDarubini
Msafiri, nusu ya maneno yako ni sahihi, nusu itampoteza mwenzako. DNA kweli imeshaongezeka mara mbili kabla ya profezi. Lakini nyuzi mbili zilizoshikana kwenye sentromia moja bado zinahesabiwa kromosomu moja yenye kromatidi mbili. Usihesabu nyuzi, hesabu sentromia. Kwenye profezi na metafezi ya mitosisi una sentromia 4, basi kromosomu ni 4 na kromatidi ni 8.

Ikifika anafezi ya mitosisi, zile nyuzi pacha zinaachana, kila moja inaondoka na sentromia yake. Hapo ndipo kila uzi unapata jina la kromosomu. Hesabu sasa: 4 zinakwenda juu, 4 zinakwenda chini, jumla 8 ndani ya seli ambayo bado ni moja. Binti, hapo ndipo ulipoangukia.

Anafezi ya kwanza ya meiosisi ni habari nyingine. Kinachoachana pale ni wenza, yaani kromosomu ya upande wa baba na mwenzake wa upande wa mama. Sentromia haikatiki, nyuzi pacha zinasafiri pamoja. Zinakwenda 2 huku na 2 kule, jumla 4, na kila moja bado ina kromatidi mbili. Ndiyo maana 4 yako ya pili ilipewa vema.

MamaWawili_Chumbageni
Mimi nilijua wanauliza idadi mwisho wa mgawanyiko! Mwanangu akiwa kidato cha nne nilimwambia aandike 4 kwa mitosisi na 2 kwa meiosisi, basi. Kumbe wanataka pale pale kwenye mchoro?

FundiDarubini
Ndiyo mama, pale pale. Majibu yako yangekuwa sawa kama wangeuliza seli zinazozaliwa mwishoni. Ninachowasisitizia vijana wangu wa tuisheni ni kuandika yote mawili: "8 kwenye seli nzima, 4 kila upande." Namba moja peke yake msahihishaji hajui umehesabu nini.

KambaYaKatani
Mimi nilitoka kwa kutumia nyuzi za katani, siyo kitabu. Nilikata vipande vinne virefu na vinne vifupi. Nusu nikavipaka wino mwekundu, wa mama, nusu nikaviacha vyeupe, wa baba. Kisha nikafunga viwili viwili vya rangi moja na urefu mmoja kwa uzi wa cherehani katikati. Nikabaki na mafungu manne juu ya meza: jekundu refu, jeupe refu, jekundu fupi, jeupe fupi. Hiyo ndiyo 2n = 4.

Kwa mitosisi, panga mafungu manne mstari mmoja katikati, kisha chukua wembe ukate kila uzi wa cherehani na uvute. Kwa meiosisi ya kwanza, weka refu jekundu likabiliane na refu jeupe, fupi na fupi, halafu vuta bila kukata. Wembe unautumia meiosisi ya pili tu. Nilirudia jioni tatu mfululizo na sijakosa tena.

Jambo jingine la mchoro: ukivuta uzi kwa kushika katikati, ncha zinabaki nyuma. Kwa hiyo kwenye anafezi kona ya V inatazama nguzo na mikono inaburuzwa. Mimi nilikuwa nazichora kinyume, kama zinakimbia kwa miguu mbele.

MzeeWaMuheza
Vijana mmenigusa mliposema katani. Nina mkonge heka chache. Miaka yote tunapanda vimche vinavyoota juu ya mlingoti au machipukizi ya shinani, mbegu sijaziona za maana. Inahusiana na haya?

FundiDarubini
Shikamoo mzee. Inahusiana sana. Mkonge wa kawaida una seti tano za kromosomu 30, jumla 150. Mitosisi haina tabu nao, kila kromosomu inajipanga peke yake, ndiyo maana vimche vyako vinatoka kama mama yao. Tabu ni profezi ya kwanza ya meiosisi, kila kromosomu inapotafuta mwenza. Seti tano hazigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo chavua na mayai mengi yanapata mgawo usiolingana na mbegu hazishiki vizuri. Chotara 11648 wa Mlingano hapo kwenu ana 60, seti mbili.

BintiMakorora
Asanteni. Nimejaribu 2n = 6 kwa nyuzi, naomba mnisahihishe. Anafezi ya mitosisi: 12 seli nzima, 6 kila upande. Metafezi ya kwanza: jozi 3, kromosomu 6. Anafezi ya kwanza: 6 seli nzima, 3 kila upande, zenye nyuzi mbili mbili. Anafezi ya pili, ndani ya seli moja kati ya zile mbili: 6 tena, 3 kila upande, uzi mmoja mmoja. Mwisho seli 4 zenye 3.

FundiDarubini
Zote sahihi. Na umeona mtego: anafezi ya kwanza na ya pili zina namba zilezile. Kinachozitofautisha ni mchoro, nyuzi mbili au moja.

Msafiri_Pangani
Basi nami nina langu. Pepa moja ilionyesha kromosomu 3 za urefu tofauti, zenye nyuzi mbili mbili, zimepanga mstari mmoja katikati. Wakauliza ni hatua gani. Niliandika metafezi ya pili, kwa kuwa hakuna hata moja yenye mwenza.

KambaYaKatani
Lakini nyuki dume ana seti moja tu mwili mzima, na seli zake zinafanya mitosisi. Metafezi yake nayo ingeonekana hivyohivyo.

FundiDarubini
Kwa mchoro peke yake siwezi kuzitenganisha. Inategemea swali lilisema ni kiumbe gani na seli imetoka wapi. Msafiri, juu ya picha palikuwa na maelezo?

Msafiri_Pangani
Palikuwa na mistari miwili hivi, siikumbuki. Pepa iko kwa dada Mikanjuni, kesho nikitoka kazini napita kuipiga picha.