Yule mwalimu wetu ametuibia maksi mchana kweupe!

Mlalahoi wa Mabibo: Wakuu, natetemeka kwa hasira. Huyu bwana mnamjua, simtaji. Matokeo yametoka, nimepewa 55.3! Tuliambiwa tangu wiki ya kwanza: kazi za darasani asilimia 20, testi ya katikati ya muhula 20, mtihani wa mwisho 60. Kazi nilipata 18 kati ya 30, testi 14 kati ya 40, mtihani 71 kati ya 100. Nikampelekea karatasi yangu ya hesabu. Hakuisoma! Aliisukuma kwa kidole kimoja, akasema, "Kompyuta ndiyo imepiga, wewe unabishana na kompyuta?" Kidole kimoja, wakuu! Foleni yote mlangoni ikacheka, nadhani hata feni ilicheka. Nimekesha muhula mzima kuja kusukumwa kwa kidole!

Chachandu: 14 kati ya 40? Testi ulifanya umelala?

Mlalahoi wa Mabibo: Hata kama nililala! Kidole!

Kaka Mkubwa: Jumlisha zote, dogo. 18 na 14 na 71 ni 103, gawa kwa 170. Asilimia 60.6. B+ yako hiyo, kwetu inaanzia 60.

Dada Takwimu: Kaka, umekaribia kwa bahati. Ukijumlisha hivyo, testi inabeba 40 kati ya 170, yaani kama asilimia 23.5 badala ya 20. Ingesahihishwa juu ya 100, ingekuwa sawa na mtihani wa mwisho. Kwanza kila alama iwe asilimia: 60, 35, 71. Halafu 60 × 0.2 ni 12, 35 × 0.2 ni 7, 71 × 0.6 ni 42.6. Jumla 61.6.

Sasa jumlisha 60, 35 na 71, ugawe kwa 3. Inatoka 55.3 ileile! Ametumia AVERAGE, kwa hiyo mtihani umeshushwa hadi theluthi na testi yako mbovu imepandishwa hadi theluthi. Peleka barua idarani. Kwenye Excel, asilimia zikae B2:D2, uzito B1:D1, kisha:

```
=SUMPRODUCT(B2:D2,B$1:D$1)/SUM(B$1:D$1)
```

Mlalahoi wa Mabibo: Mmeona? Na hiyo ndiyo karatasi aliyoisukuma kwa kidole!

Binti Pwani: Jamani msiandike barua! Mimi kazi 90, testi 80, mtihani 40. Nimepewa 70, nina A!

Dada Takwimu: Kwa uzito halali ni 18 na 16 na 24, una 58.

Binti Pwani: Dada, wewe ni adui wa maendeleo.

Chachandu: Nyie mnalilia maksi mnazoziona. Mimi testi yangu haipo kabisa. Idara inanituma kwa mwalimu, mwalimu ananirudisha idarani.

Kaka Mkubwa: Karatasi ya mahudhurio ya testi ulisaini?

Chachandu: Nilisaini. Nayo haipo.

Binti Pwani: Kwetu hawakutafutii hata faili kabla hujamaliza ada.