Mrejesho: bustani juu ya paa la zege, Moshi

Niliuliza: "Je, paa la zege la nyumba yetu linaweza kubeba bustani ya mboga?"

Mhandisi aliyekagua michoro alieleza kwamba udongo hupimwa ukiwa umelowa, kwani sentimita 10 za udongo wa kawaida ulioshiba mvua hukaribia kilo 180 kwa mita ya mraba, ilhali paa letu lilisanifiwa kubeba kilo 150 tu zaidi ya uzito wake. Mboga, basi, zitabaki chini. Juu tutapanda mishubiri mifupi kwenye sentimita 6 za mchanganyiko mwepesi wa pumisi, jiwe la volkano lenye vitundu. Kwanza fundi aliziba matoleo ya maji, akafurisha paa kwa maji ya kina cha sentimita 5 kwa saa 48 ili kuona kama linavuja. Unyevu ulijitokeza darini pale bomba linapopenya zege, na ndipo panapozibwa upya sasa.