MRI inasema C5-C6, mkono unasema C7: tuanze na fizio au upasuaji?

Kliniki_Kayole
Wenzangu, naomba maoni. Dereva wa matatu, miaka 46, wiki ya nne sasa. Maumivu yanatoka kwenye bega la kulia, yanashuka nyuma ya mkono hadi kidole cha kati, nacho kina ganzi. Akiweka kiganja juu ya kichwa anapata nafuu, hata akiongea nawe anakaa hivyo. Ripoti ya MRI: diski iliyo kati ya pingili za shingo C5 na C6 imetokeza katikati, na C6-C7 kuna kitokezo kidogo upande wa kulia, kwenye tundu la mshipa wa fahamu. Familia imeshauriwa apasuliwe C5-C6. Wachangishe, au waanze na fizio?

Jicho_la_Filamu
Picha haidanganyi. Diski kubwa ni ya C5-C6, kwa hiyo mshipa wa C5 ndio umebanwa. Iliyotoka hairudi, wachangishe tu.

Mwalimu_Fizio
Ndugu yangu, hapo mawili hayako sawa. Shingoni mshipa hupita juu ya pingili ya namba yake, kwa hiyo diski ya C5-C6 hubana C6, na ya C6-C7 hubana C7. Pili, kipande cha diski kilichotoka mara nyingi hunywea chenyewe kwa miezi.

Mtu wa miaka 46 anaweza kuwa na diski iliyotokeza bila dalili yoyote, tena iliyo katikati haigusi lazima mshipa wa pembeni. Kile kidogo cha C6-C7 kimekaa mlangoni mwa mshipa, na upande ni uleule unaouma.

@Kliniki_Kayole, ganzi peke yake isikuongoze, maana maeneo ya C6 na C7 vidoleni huingiliana. Pima nguvu. Mkunje kiwiko, mwambie akinyooshe huku unamzuia, kisha linganisha na kushoto. Akishindwa kulia, hiyo ni trisepsi, C7. Gonga kano ya trisepsi juu kidogo ya kiwiko: ikiwa kimya kulia na kushoto inaruka, umepata jibu. C6 ingekupa gumba na kidole cha shahada, udhaifu wa bisepsi na wa kuinua kifundo cha mkono.

Jaribio la Spurling: shingo nyuma kidogo, iname upande unaouma, bonyeza kichwa taratibu. Maumivu yakishuka mkononi, lina uzito. Yakibaki shingoni tu, hujapata kitu, wala usiseme mshipa ni mzima.

Mama_Taji
Mimi gumba na vidole viwili vinakufa ganzi usiku, naamka nikikung'uta mkono. Nami nipigwe MRI ya shingo?

Mwalimu_Fizio
Mama, kuamka ukikung'uta mkono huelekea zaidi kifundo cha mkono kuliko shingo. Upimwe kifundo kwanza. Anayeona shingo tu hapo anaweza kumpasua mtu mahali pasipo na kosa.

Dkt_Mgongo
Naafikiana, na nitaongeza upande wa kisu. Nauliza matatu. Je, udhaifu unazidi? Je, uti wa mgongo wenyewe umebanwa? Je, maumivu makali yamegoma baada ya wiki 6 hadi 12 za tiba ya kweli? Vidole visivyofunga vifungo vya shati, miguu inayoyumba, mkojo unaobadilika: hao hawasubiri, na hao usiwafanyie Spurling. Mengine yanasubiri, kwa kuwa wengi hupona bila kisu. Upasuaji hutuliza mkono upesi zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja au miwili tofauti hupungua.

Hata ukifika huko, unapasua C6-C7. Kupasua C5-C6 kwa sababu ndiyo inayoonekana kubwa kutamwacha na maumivu yaleyale. Na kabla ya kubishana, mtu aangalie picha zenyewe: kwenye vipande vya kukata kwa upana, kulia kwa mgonjwa huonekana kushoto kwa skrini. Nimeona watu wakisoma upande usio wake.

Jicho_la_Filamu
Nimeelewa hesabu ya mishipa. Na sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe?

Dkt_Mgongo
Inaweza kununua muda, ila shingoni ina hatari nadra lakini mbaya, ikiwemo kiharusi. Mimi huitumia kwa uchache.

Mwalimu_Fizio
Hapo mimi na daktari hatupatani sana, kuna mgonjwa asiyeweza hata kuanza mazoezi bila hiyo. Kwa huyu: kola laini ya siku chache tu kama maumivu hayampi nafuu, kuvuta shingo kwa mkono ikiwa imeinama mbele kidogo, na mazoezi ya misuli ya ndani ya shingo. Maumivu yakirudi kutoka kidoleni kwenda bega, endelea. Ganzi ikienea chini, punguza.

Kliniki_Kayole
Nimempima leo. Trisepsi ya kulia inashinda uzito wa mkono lakini inaachia nikiizuia, na kano iko kimya. Vidole vinafunga vifungo, miguu iko sawa. Tumeanza fizio, nitapima kila Jumatatu. Siku kiwiko kitakaposhindwa kujinyoosha juu dhidi ya uzito wake mwenyewe, nampeleka kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Kuendesha je? Anatazama vioo vya pembeni siku nzima, na kugeuza shingo kulia ndiko kunakomuuma.